Dhahabu kwenye akiba ya muda mrefu

"Bei ya dhahabu inapandishwa na nini hasa? Niiweke kwenye akiba ya miaka ishirini?"

Riba za Marekani kushuka, kuliko mfumuko wa bei. Mdau aliyesema mfumuko ndio unaoipandisha kapatia nusu: Juni 2022 mfumuko Marekani ulifika asilimia 9.1, lakini dhahabu iliyogusa dola 2,000 kwa wakia mwezi Machi ikashuka hadi karibu 1,630 ilipofika Oktoba. Benki kuu yao ilikuwa inapandisha riba, na dhahabu haizai riba wala gawio, hivyo fedha zikahamia kwenye hatifungani. Baadaye benki kuu za nchi nyingi zilinunua kwa wingi, bei ikapanda riba zikiwa bado juu, kwa hiyo usiichukulie kama sheria.

Weka kidogo, mimi nisingevuka asilimia 10. Aliyenunua kileleni Januari 1980, kwa dola 850, aliiona bei hiyo tena 2008, na hapo hujatoa mfumuko. Anayepata kipato kwa shilingi ana hoja zaidi, maana shilingi ikidhoofika dhahabu inampandia hata kama soko la dunia limetulia.

Na wewe unayetaka kuweka akiba kwa bangili: ukienda kuiuza, sonara atapima uzito na karati tu, hela ya ufundi imeshakwenda.