Supu bila nyama haimtoshi mtoto

"Mwanangu ana miezi 7. Nampa supu ya nyama, nyama yenyewe naitoa maana naogopa atapaliwa. Inatosha?"

Haitoshi, mama. Madini ya chuma mengi hubaki kwenye nyama, si kwenye supu. Akiba aliyozaliwa nayo huanza kupungua akifika miezi 6, na maziwa yako yana chuma kidogo.

Chemsha nyama isiyo na mafuta hadi ivunjike ukiibonyeza kwa uma. Toa mishipa, kisha isage na supu yake mpaka iwe kama uji mzito. Ukiisaga kavu inakuwa kama mchanga mdomoni naye ataitema, halafu utadhani hapendi nyama. Anza na kijiko cha chai, uongeze hadi viwili vitatu vya chakula. Samaki mpapase kwa vidole, mwiba huonekana kwa shida. Yai liive kabisa, ulilainishe kwa maziwa. Soseji za mviringo, hapana.

Akikohoa kwa sauti, mwache akohoe. Akinyamaza, hawezi kulia wala kuvuta pumzi, amekabwa: mlaze kifudifudi juu ya paja, kichwa chini, mpige mara 5 katikati ya mabega huku ukiita msaada.