Taarifa ya ufunguzi wa maonyesho madogo: aya ya kwanza na nukuu

Umeanza kazi galari juzi, na tayari umeambiwa uandike taarifa kwa vyombo vya habari kuhusu ufunguzi unaokuja. Kabla hujaandika neno, mfikirie mhariri wa habari za utamaduni. Baruapepe zimemjaa, hana mwandishi wa kumtuma kwenu, na nafasi aliyobakiwa nayo ukurasani ni finyu. Akiipenda taarifa yako, atachukua aya ya kwanza na nukuu moja, aviweke kama vilivyo. Kwingine huenda asifike kabisa.

Tuseme galari yenu ina chumba kimoja, na msanii mmoja analeta chapa 18 za mbao, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi kwa ubao uliochongwa. Wengi wakianza huandika hivi: "Galari yetu ina furaha kubwa kuwaalika wapenzi wote wa sanaa katika maonyesho ya kipekee kuhusu safari ya maisha." Mhariri akimaliza kusoma hajui ni msanii gani, kazi zenyewe ni za aina gani, ziko wapi wala lini. Furaha ya galari si habari. Na hilo neno "kipekee" ningelifuta popote nilionapo.

Andika hivi badala yake: "Chapa 18 za mbao za (jina la msanii), zinazoonyesha mikono ya mafundi cherehani wakiwa kazini, zitaonyeshwa katika (jina la galari na mtaa) kuanzia Ijumaa, 6 Machi 2026, hadi Jumamosi, 28 Machi 2026. Ufunguzi ni Ijumaa hiyo saa 12 jioni, na msanii atakuwepo. Kiingilio ni bure."

Angalia jinsi tarehe ya ufunguzi ilivyotenganishwa na muda wa maonyesho. Usipozitenganisha, gazeti litatangaza kwamba shughuli ni ya jioni moja tu, na wiki tatu zilizobaki chumba kitakuwa kitupu. Siku ya juma na tarehe zilinganishe na kalenda, kwa sababu zikipingana mhariri hawezi kujua ipi ni sahihi, na wengi huitupa taarifa kuliko kupiga simu kuuliza. Saa nayo ina mtego wake: ukiandaa pia toleo la Kiingereza, saa 12 jioni inakuwa 18:00, na anayetafsiri kwa haraka huiacha 12 ikageuka adhuhuri. Siku mnazofunga zitaje chini, pamoja na saa za kawaida za kufungua.

Sasa nukuu. Nukuu nzuri husema jambo ambalo mwandishi hawezi kulisema kwa niaba ya msanii. "Ninashukuru galari kwa nafasi hii" haimsaidii mtu yeyote. Ili kupata nyingine, usimuulize msanii kazi yake ina maana gani, maana atakujibu kwa maneno makubwa. Muulize ameifanyaje. Huyu wa mfano wetu huchapa rangi zote kwa ubao mmoja: anachonga kidogo, anachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, kisha anachonga tena ubao uleule kwa ajili ya rangi inayofuata. Akiwa anaeleza hayo, anaweza kutamka: "Nikishauchonga ubao kwa rangi ya pili, ya kwanza hairudi tena. Nikikosea, nakosea kwenye karatasi zote."

Chukua hiyo. Ni fupi na inatamkika redioni, na hata asiyejua lolote kuhusu chapa anauona ubao ukipungua. Jipime kwa swali moja: je, nukuu hii ingefaa maonyesho ya msanii mwingine? Ikifaa, rudi ukamuulize tena. Ukiipata, msomee msanii maneno yenyewe akubali kabla hujayatuma. Usiitwike nukuu tarehe wala idadi ya kazi, kwani hakuna mtu anayeongea hivyo. Iweke aya ya pili au ya tatu, mara baada ya sentensi mbili za kueleza namna ubao unavyochongwa, ili msomaji aifikie akiwa ameshaelewa.

Ukurasa mmoja unatosha. Maneno yabandike ndani ya baruapepe yenyewe, na picha mbili au tatu zenye ubora wa kuchapishwa zitume kwa kiungo. Kila picha iandikiwe jina la msanii, jina la kazi, mwaka, aina ya kazi, vipimo na jina la mpigapicha. Magazeti na redio watumie wiki mbili au tatu kabla. Majarida ya kila mwezi huhitaji miezi miwili au zaidi. Mwishoni weka jina na simu ya mtu mmoja ambaye kweli atapokea, hata Jumamosi. Simu ya ofisi inayolia bila kujibiwa ni afadhali isiwekwe.