Permiti ya meza ya viazi karai, ile 50 ya kila siku na kibanda cha kununua Kongowea

Swali: Nauza viazi karai na bajia jioni hapa Bombolulu kando ya barabara ya Malindi, meza, jiko na mwavuli tu. Kuna kijana hupita kila siku anachukua 50 ananipa risiti. Sasa nimeambiwa nikate permiti la sivyo kanjo watabeba vitu. Si ile 50 ndio permiti? Na kuna mtu ananiuzia kibanda ndani ya soko la Kongowea kwa elfu 60, ninunue?

Jibu: Hapana dada, ile 50 ni ushuru wa siku, na ushuru si permiti. Ushuru unalipia kukaa pale siku ile tu, permiti ni ruhusa ya kufanya hiyo biashara yenyewe na hulipwa kwa mwaka, halafu kuna kodi ya kibanda, hiyo ni ya mtu aliyepewa nafasi ndani ya soko la kaunti. Kwa hivyo ukimuonyesha askari risiti za ushuru ilhali anakuuliza permiti, bado atakuhesabu huna. Lakini zitunze. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi ushalipa 1,300, kwa mwaka ni 15,600, na hizo karatasi ndizo za kuonyesha kwamba wewe ni mtu wa pale kweli.

Permiti anzia ofisi ya mapato ya sub-kaunti yako, wewe Bombolulu uko Nyali. Beba kitambulisho na kopi yake, PIN ya KRA na picha za pasipoti. Huna haja ya kusajili jina la biashara kwanza, jaza jina lako vile liko kwenye kitambulisho.

Pahali watu hujiumiza ni pale kwa fomu wanapoulizwa aina ya biashara. Mtu anauza bajia mezani anaandika "hoteli" kwa sababu ndivyo tunavyosema mtaani, kisha analetewa bili ya mkahawa wenye viti na wahudumu. Ada hupangwa kwa aina na ukubwa, na zote ziko kwenye jedwali la sheria ya fedha ya kaunti. Kwenye hizo aina huwa kuna mchuuzi asiye na gari, na kuna kioski cha muda kisichozidi mita 5 mraba. Pima kabisa: meza ya mita 2 kwa mita 1 na nusu ni mita 3 mraba, andika hivyo, "meza ya vyakula vya kukaanga, bila jengo, mtu mmoja". Mwambie karani akuonyeshe kwenye jedwali ni mstari gani amekuweka kabla hajatoa invoisi. Ikishatoka lipa kwa namba iliyo kwenye invoisi yenyewe, si kwa simu ya mtu, hata akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni. Permiti ikitoka soma tarehe ya kuisha hapo hapo, usikisie ati ni miezi 12 toka siku uliyolipa.

Kwa vile ni chakula kuna cheti cha afya pia. Unapimwa, choo kikiwemo, afisa wa afya anaweka sahihi na stempu, na kinadumu miezi 6, kwa hivyo kitaisha kabla ya permiti na wengi hushikwa hapo. Msaidizi wako akigusa chakula naye awe na chake.

Sasa hili ndilo nataka ulishike sana: permiti inaruhusu biashara, haikupi ardhi. Barabara ya Mombasa-Malindi iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, si kaunti, kwa hivyo unaweza kuwa na permiti safi kabisa na bado ukaambiwa utoke kwenye hifadhi ya barabara, na hiyo karatasi haitakusaidia. Kabla ya kulipa uliza ofisini wamekuandikia eneo gani, kisha usogee ndani, mbali na lami.

Ile elfu 60 usitoe bado. Vibanda vya soko la kaunti hapewi mtu viwe mali yake, anapewa nafasi kwa barua na analipa kodi, kwa hivyo huyo anakuuzia kuondoka kwake tu. Mwambie alete barua ya kupewa kibanda na risiti za kodi, majina yafanane na kitambulisho chake, halafu muende nyote wawili kwa msimamizi wa soko muulize kama kibanda kinaweza kuhamishwa kwa jina lako na kama kina deni. Akianza visingizio ati ofisi haina haja, mmalizane nyinyi wenyewe, achana naye, kwa sababu siku kaunti ikihakiki wenye vibanda, daftari litasoma jina lake na wewe utakuwa mpangaji asiyejulikana.