Boti na treni: Pemba, Dar, Moro, Dodoma

"Tunatoka Mkoani, siku sita: Dar, Moro, Dodoma. Tupange vipi tusirudie njia?"

Ndugu yangu, anza na tiketi ya boti ya kurudi Mkoani, kwa sababu hiyo haiondoki kila siku. Treni ipangeni kuizunguka. Mkifika Dar msizurure. Stesheni ya SGR si mbali na bandari. Ila acheni angalau saa tatu kati ya boti na treni, maana bahari ikichafuka mtachelewa na tiketi itawapita. Nendeni moja kwa moja Dodoma, mrudi kwa kulala Moro, Dar iwe mwisho. Treni ikikwama, mtapunguza matembezi ya Dar, boti haitawaacha.

Dar yenyewe gaweni mara mbili. Soko la samaki la Feri, kanisa la Azania Front na Makumbusho ya Taifa ni siku moja kwa miguu. Kijiji cha Makumbusho na vinyago vya Mwenge viko njia ya Bagamoyo, siku nyingine. Mkivichanganya, foleni itawamaliza.

— Bora walale Moro wakati wa kwenda, watapunguza tiketi.

— Tiketi ni tatu vyovyote, ami. Uchovu wa njiani kweli utapungua, lakini safari ndefu itaangukia mwisho, karibu na boti.

— Mimi nina mama mzee, stesheni ya Moro iko Kihonda, mbali na mjini. Bodaboda hawezi.

— Chukueni bajaji, bibi. Bei mpatane kabla ya kupanda.