Nepi tayari unaiogopa, anza na mate

Ukiajiriwa kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo, kitu cha kwanza utakachofundishwa ni kubadilisha nepi. Vaa glavu, funga mfuko, nawa. Nimekaa miaka kwenye chumba cha watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, na kwa nepi hatukosei sana, maana harufu yenyewe inakukumbusha. Tunakosea kwenye mate.

Nazungumzia saitomegalovirusi, ambayo kwenye karatasi ya maabara utaiona imeandikwa CMV. Mtoto mdogo akivipata virusi hivi, mara nyingi haumwi hata siku moja. Anacheza, anakula, na huku anavitoa kwenye mkojo na mate kwa miezi mingi, pengine miaka. Kwa hiyo usihangaike kumtafuta mwenye CMV ili umtenge. Hutamjua kwa macho, na ukimtoa yeye watabaki wengine. Mchukulie kila aliye chini ya miaka mitatu kuwa anavyo.

Mtu mzima mwenye afya naye havimsumbui sana: homa kidogo, uchovu, tezi za shingo kuvimba, au hasikii chochote. Shida iko kwenye mimba. Mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, takribani mara moja katika kila tatu virusi hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na madhara huwa makubwa zaidi ikitokea katika miezi mitatu ya kwanza. Kati ya watoto wanaozaliwa navyo, karibu mmoja katika watano hupata tatizo la kudumu, hasa kupungua kwa usikivu. Wengine huzaliwa wanasikia vizuri, usikivu ukaja kupungua baadaye.

Mwenzetu mmoja alipimwa damu akiwa na mimba ya wiki saba. Majibu yalisema hana kingamwili za IgG, yaani hajawahi kuambukizwa. Alikuja kazini amefurahi. Ilibidi nimwambie, "Dada, hapo ndipo pa kuwa mwangalifu," kwa sababu yeye ndiye ambaye maambukizi yangekuwa ya kwanza. Mwenye IgG za zamani naye anaweza kumwambukiza mtoto, virusi vikiamka au vikiingia vya aina nyingine, ila uwezekano ni mdogo sana.

Asubuhi moja nikakaa naye wakati wa kulisha, nikawa nahesabu. Alionja chakula kwa kijiko cha mtoto kuona kama kimepoa. Pete ya kung'atia ilianguka, akaiokota, akaifuta kwenye aproni, akairudisha. Hapo hapo akajipikicha jicho. Mtoto mmoja mkarimu akamtia mdomoni kipande alichokwisha kukitafuna. Akaenda kujaza daftari huku ameng'ata kalamu ambayo dakika chache kabla ilikuwa kinywani mwa mtoto. Nepi ilikuwa moja tu, na baada yake alinawa vizuri kabisa.

Tukabadilisha vitu vichache. Joto la chakula akawa analipima kwa kudondosha tone kwenye kifundo cha mkono. Busu likahamia utosini. Kalamu ikapata kamba ya shingoni. Kichezeo kilichong'atwa kikawa kinaenda kwenye ndoo ya vichafu, hata mwenyewe akilia. Na akawa ananawa kwa sabuni na maji kwa sekunde 20 kila baada ya kufuta kamasi, udenda au mdomo, si baada ya nepi tu. Sabuni inavimaliza virusi hivi kwa kuwa vimefunikwa na utando wa mafuta. Glavu haichukui nafasi ya kunawa. Ukifuta pua ukiwa nayo kisha ukashika kitasa, umeshawagawia wenzako.

Vichezeo vioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo viingie kwenye maji ya klorini, kwa sababu uchafu unaidhoofisha klorini. Kisha visuuzwe na vikauke.

Tulimwomba msimamizi amhamishie kwa watoto wakubwa. Ilisaidia, lakini nyumbani alikuwa na wake wa miaka miwili, na huyo wanalala kitanda kimoja. Sheria zile zile zikaenda naye nyumbani.

Ukipata homa na tezi ukiwa mjamzito, sema kliniki kwamba unalea watoto wadogo, maana wengi hawaulizi. Na ukiambiwa una IgM, yaani kingamwili zinazotangulia maambukizi yakiwa mapya, usianze kulia kwa hilo tu, kwani zinaweza kubaki kwenye damu kwa miezi. Kuna kipimo kingine kinachoangalia jinsi IgG zinavyong'ang'ania virusi: zikishika kwa nguvu, maambukizi ni ya zamani. Ukiwa na mashaka, mtoto akizaliwa aombewe kipimo cha mkojo au mate kabla hajatimiza siku 21. Baada ya hapo, virusi vikionekana, kipimo hicho hakiwezi kukuambia kama alizaliwa navyo au alivipata baadaye.