Mwandishi anasema, mhadhiri anajibu: nilivyojifunza kuandika muhtasari wa vyanzo viwili

Kuna swali la mtihani wa lugha linalokutaka usome kifungu, usikilize mhadhara unaokijibu, kisha uandike hao wawili wamesema nini. Katika TOEFL iBT, mtihani wa Kiingereza, kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa hivi: dakika 3 za kusoma, takriban dakika 2 za kusikiliza, dakika 20 za kuandika maneno kama 150 hadi 225. Mara ya kwanza kujaribu swali la aina hii nilifupisha kifungu vizuri sana, na mhadhara nikaupa sentensi mbili za mwisho. Alama zilikuwa za chini, na nilistahili.

Kosa langu lilianzia kwenye karatasi ya kunukuu. Nilijaza maelezo ya kifungu, wakati kifungu hurudi kwenye skrini unapoandika. Mhadhara unausikia mara moja tu. Siku hizi naigawa karatasi sehemu mbili kwa mstari wa wima. Kushoto naandika hoja za kifungu, maneno matatu au manne kwa kila hoja, na chini ya kila hoja naacha nafasi. Kulia ni kwa mhadhiri, na huko ndiko naandika kwa wingi: anasema nini, kwa sababu gani, anatoa mfano upi. Kwa kawaida mhadhiri hufuata mpangilio uleule wa kifungu, kwa hiyo jibu lake linakaa mkabala na hoja inayohusika.

Tuchukue mfano niliojitungia kwa mazoezi. Kifungu kinasema chupa za kioo ni bora kwa mazingira kuliko za plastiki. Sentensi yake moja ni hii: "Chupa ya kioo inaweza kuoshwa na kutumika tena mara nyingi, hivyo hupunguza takataka kwa kiasi kikubwa." Mhadhiri anajibu: "Ni kweli, lakini pale tu wateja wanaporudisha chupa. Pasipo utaratibu wa kuzikusanya, nyingi huishia jalalani baada ya matumizi ya kwanza."

Zamani ningeandika: "Chupa ya glasi huweza kusafishwa na kutumiwa upya mara kadhaa, kwa hiyo hupunguza uchafu kwa kiwango kikubwa." Itazame kwa makini. Nimebadilisha maneno, lakini mifupa ya sentensi ni ileile, neno la tatu mahali pa neno la tatu. Msahihishaji anaona nakala. Baya zaidi, maana imehama: "mara nyingi" imepungua ikawa "mara kadhaa", na "takataka" imegeuka "uchafu", ambao unaweza kuwa hata matope. Kusaka visawe kimoja kimoja huleta hasara zote mbili kwa pamoja.

Kilichonisaidia ni kutoitazama sentensi kabisa. Kwenye karatasi nina "kioo – hurudiwa – taka kidogo". Najiuliza: ningemweleza mwenzangu ambaye hakukisoma kifungu, ningeanzia wapi? Pengine ningeanzia mwisho: "Kwa mujibu wa mwandishi, takataka hupungua sana kwa sababu chupa moja ya kioo, ikioshwa, inaweza kufanya kazi ya chupa nyingi." Sababu na matokeo vimebadilishana nafasi, mtendaji ni mwingine, na madai yamebaki yalivyo. Maneno kama kioo, plastiki na chupa nayaacha. Hayo ni majina ya vitu, na kuyakwepa huzaa sentensi za ajabu.

Sasa mhadhiri. Wengi hapa huandika "mhadhiri anapinga" na kusonga mbele. Lakini je, amepinga? Amekubali faida, akaiwekea sharti. Kwa hiyo: "Mhadhiri haikatai faida hiyo, ila anasema hupatikana tu chupa zikirudishwa; zisipokusanywa, nyingi hutupwa baada ya kutumika mara moja." Angekuwa amesema kwamba kuyeyusha kioo huhitaji joto la karibu nyuzi 1500 za selsiasi, na kwamba chupa za kioo ni nzito na hutumia mafuta mengi kusafirishwa, hapo angekuwa analeta hasara ambazo kifungu hakikuzitaja, na kitenzi kingebadilika: anaongeza, anaonyesha upungufu. Kitenzi hicho kimoja ndicho kinachomwonyesha msahihishaji kwamba ulielewa vyanzo vyote viwili, na mimi hukitafuta kabla ya kuandika sentensi yenyewe.

Kwa urefu, nikiwa na maneno 200, kifungu nakipa kama 70 na mhadhara sehemu iliyobaki. Maoni yangu hayaingii, hata nikijua jambo ambalo mhadhiri amelisahau.

Dakika 3 za mwisho naweka kidole kwenye kila sentensi na kuuliza: haya ni maneno ya nani? Nisipoona jibu ndani ya sentensi, naongeza "mwandishi" au "mhadhiri". Kisha natafuta "huenda", "tu", "nyingi" na "baadhi" kwenye maelezo yangu, nahakikisha kila moja limefika kwenye muhtasari likiwa na uzito uleule.