Kiwanja cha 50 kwa 100 kwa mnunuzi wa Ulaya

"Natafsiri kwa Kiingereza tangazo la kiwanja Kilifi. Mwenyewe ameandika: moja ya nane ya ekari, 50 kwa 100, dakika tano hadi baharini. Niache hivyo hivyo?"

Usiache, ndugu yangu. Futi 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465, ilhali moja ya nane kamili ya ekari ni karibu 506. Sisi tumezoea kuviita kitu kimoja; mgeni atazidai hizo 41. Omba hati uangalie hekta: ikisema 0.045, andika mita za mraba 450, hata mwenye kiwanja akinuna. Na dakika tano za nini, bodaboda au miguu? Andika kilomita za barabarani, na useme kama njia ya ufukweni ni ya umma au inapita uani kwa jirani.